Mtani, Sikuwa Natania

Jumatatu ya tarehe 6 Novemba 2023 nilifika ofisini saa tatu kasoro, nikakuta vikombe vitano vya kahawa mezani kwangu. Vile vidogo visivyo na mkono, vya muuza kahawa wa pale nje getini, vimepangwa mstari mmoja mbele ya kompyuta, kila kimoja kimejaa. Hakukuwa na karatasi wala jina, na wala hapakuwa na haja. Jioni ya jana yake, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga walikuwa wameifunga Simba 5–1, na katika ofisi nzima alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angeshuka na kupanda ngazi zile na sinia la kahawa ili anikumbushe.

Mimi sinywi kahawa. Nimekulia kwenye milima ya Same, na kwetu chai ni ya maziwa, imepikwa na tangawizi mpaka inawasha koo. Lakini nilijua kanuni bila kuambiwa. Nikakaa, nikavinywa vyote vitano, kimoja baada ya kingine, nikimtazama yeye kule upande wa pili wa chumba anakopangia kurasa. Kahawa ilikuwa imeshapoa, chungu kama shubiri. Nilipomaliza cha tano akainua kiganja, vidole vimeachana. Mashabiki wa Yanga waliliinua kiganja hicho mji mzima wiki ile. Moyo wangu ulienda mbio mpaka adhuhuri. Sehemu ya mbio hizo ilikuwa kahawa.

Jina lake silitaji, na kusema kweli hata mimi silitumii. Kwangu yeye ni Mtani, na mimi kwake ni Mtani. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema andika, ila ile tano usiifiche.

Swali langu ni hili: mtu unayempenda ukimwendea kwa utani, unamwambia ukweli au unamficha? Najua wengi mtajibu haraka kwamba si dhambi, watu wote huanza hivyo. Nami nilijibu hivyo hivyo kwa karibu miaka miwili.

Tuanze na utani wenyewe, maana neno hili tumelizoea mno hadi tumesahau kwamba ni jina la mkataba. Kabla ya mpira kulikuwa na utani wa makabila: Wazaramo na Wanyamwezi, Wangoni na Wahehe, na kwa upande wetu Wapare na Wachaga. Mtani ana haki ya kukusema vibaya hadharani, na wewe huna haki ya kukasirika. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala kuhusu mahusiano ya aina hii katika jamii mbalimbali, na hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba utani huwekwa pale ambapo watu wawili wana jambo la kuwatenganisha na jambo la kuwaunganisha kwa wakati mmoja. Hawawezi kupuuzana, na kugombana kwa dhati kutawaumiza. Basi jamii inawapa ugomvi wa kuigiza.

Alipoandika hivyo hakuwa akiwaza Kariakoo, lakini angeweza. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na klabu hizo mbili, moja Msimbazi na nyingine Jangwani, ni mwendo wa miguu tu. Kwa masimulizi ya wazee ni ndugu waliogombana nyumba moja. Ndiyo maana ukiwa ndani ya daladala, umevaa jezi nyekundu, mtu usiyemjua kabisa anaweza kukugeukia na kukuita kolo, na wewe ukamjibu utopolo, abiria wakacheka, mkashuka kila mmoja na njia yake. Hakuna aliyekutambulisha kwake. Mji wenyewe umewapa ruhusa.

Kwa mtu mwenye moyo unaodunda, ruhusa hiyo ni mali. Fikiria hali yangu. Mtani alikuwa amekaa mita sita kutoka kwangu kwa miezi minane, na yote tuliyowahi kuongea ni vichwa vya habari: hiki kirefu, kipunguze, picha hii haina ubora, tafuta nyingine. Ningeanzia wapi? Mwanamke wa umri wangu amwendee mwanamume ofisini na kumwambia nini, "habari za mchana"? Halafu tarehe 16 Aprili 2023 Simba ikaifunga Yanga 2–0. Kesho yake nikamwekea mezani maandazi mawili na kikombe cha chai ya tangawizi. Akayatazama yale maandazi, akanitazama, akasema, "Kumbe wewe ni wa upande ule. Na kwa chai hii, Mpare." Nikamuuliza yeye je. Akasema Machame. Basi, yakawa mawili kwa mpigo: watani wa mpira na watani wa kabila.

Hapa nikiri jambo. Mimi nilikuwa Simba wa kurithi tu. Baba ni Simba, kwa hiyo na sisi. Aprili ile ningeweza kutaja wachezaji watatu, labda wanne. Baada ya yale maandazi nilianza kukariri kikosi kama mtu anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne, nani kaumia, nani ana kadi, nani anacheza beki ya kushoto. Je, huo ulikuwa uongo? Nimelifikiria hili sana, na nadhani hapana. Nilianza kujifunza ili nipate la kumwambia, lakini Kibu Denis aliposawazisha ile Novemba, ikawa 1–1 na mapumziko yakafika hivyo, nilipiga kelele nikiwa peke yangu chumbani, hakuna wa kumwigizia. Mapenzi ya kuiga yanaweza kuota mizizi. Uongo wangu ulikuwa mahali pengine, nitaufikia.

Kwa karibu mwaka mzima tuliishi kwa utani huo na ulikuwa mtamu, sitadanganya. Ulikua hata nje ya mpira. Yeye aliapa kwamba chai ni kinywaji cha wagonjwa, kwamba mtu mzima hunywa kahawa ya mlimani, bila sukari, na kipande cha kashata. Mimi nikamjibu kwamba watu wanaolima kahawa na kuiuza ili wanunue majani ya chai wasinifundishe. Yeye akanikumbusha kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi nikamkumbusha habari ya sarafu, ile ambayo kila Mtanzania anaijua, kwamba Mchaga akifa dondosha sarafu karibu na sikio lake uhakikishe. Siku nyingine tulikuwa tunatupiana maneno kuanzia asubuhi hadi kurasa zinapokwenda kiwandani saa nne usiku, na nilirudi nyumbani nimechoka kwa furaha.

Utani una adabu ambayo huioni mpaka uivunje. Mimi niliivunja Aprili 2024.

Tarehe 20 mwezi ule Yanga wakatufunga tena, 2–1. Nilikuwa nimechoka kufungwa. Jumatatu kulikuwa na keki ya kumuaga mwenzetu mmoja, na mhasibu akapita na bahasha ya mchango. Alipofika kwa Mtani, yeye akasema atatoa mwisho wa mwezi. Mimi, mbele ya watu kama kumi na watano, nikasema: "Mwacheni huyo, ameishiwa kabisa. Leo hata mkidondosha sarafu, msishangae akiamka na kuikimbilia." Watu wakacheka sana. Ilikuwa moja ya kauli zangu zilizochekwa zaidi mwaka ule.

Yeye naye alicheka, lakini alicheka akiwa amechelewa kidogo. Wiki mbili kabla, tukiwa wawili tu kwenye kibanda cha chai, alikuwa ameniambia mama yake anasafishwa figo na kwamba mshahara unaishia hospitali. Hakuna mwingine pale ofisini aliyejua. Na kesho yake asubuhi, nilipomwambia "Mtani, shikamoo ya Jangwani," alijibu, "Marahaba, dada. Ile habari ya ukurasa wa tano umeimaliza?"

Dada. Hapo ndipo nilipojua. Kama unataka dalili ya kwamba utani umevuka mpaka, usiangalie kama mtu amecheka. Karibu kila mtu hucheka, kwa kuwa kanuni inamlazimisha. Angalia kama anakurudishia. Utani ni mpira wa kupasiana. Aliyeumia haupigi nje kwa hasira, anauacha tu upite. Na angalia atakuitaje kesho.

Nimejiuliza mara nyingi mpaka ule ulikuwa wapi hasa, kwa sababu mzaha wa sarafu nilikuwa nimeshamtupia mara ishirini, naye akaupokea mara ishirini. Maneno yalikuwa yaleyale. Tofauti ni kwamba mara zile ishirini nilikuwa namtania Mchaga, na safari hii nilimtania yeye. Ruhusa ambayo mji unakupa ni ya jezi na ya kabila, vitu ambavyo mtu amevishika pamoja na maelfu wengine, kwa hiyo uzito wake unagawanyika. Ukimwambia mtu kwamba timu yake ni vyura, anacheka na mashabiki mamilioni wakiwa nyuma yake. Ukimwambia kwamba hana pesa, amesimama peke yake. Zaidi ya hapo, lile la mama yake nililipata kwa mlango mwingine. Alinipa kama rafiki, nikalitumia kama mpinzani.

Aristotle, katika kitabu cha nne cha maadili yake kwa Nikomako, anaweka uchangamfu wa maneno miongoni mwa fadhila, katikati ya mtu mkavu asiyecheka na chochote na mchekeshaji ambaye hawezi kujizuia. Huyu wa pili, anasema, ni mtumwa wa kichekesho; hajiachi yeye wala haachi wengine, ilimradi watu wacheke. Nilikisoma chuoni nikaona ni maneno ya kawaida tu. Siku ile ya keki nilikuwa ndiye huyo. Kauli ilinijia, nikaona ni nzuri, nikaitoa. Nilichagua kicheko cha watu kumi na watano, nikamtoa mmoja.

Kuomba radhi kulinichukua siku tatu, na sababu ya kuchelewa inanifedhehesha hadi leo. Nilikuwa natafuta namna ya kuomba radhi kwa utani. Niliwaza kumwekea sarafu mezani. Niliwaza kununua kahawa. Kila njia niliyofikiria ilikuwa na mzaha ndani yake, ili asipoupokea niweze kusema nilikuwa nacheza tu. Mwishowe nilimfuata kwenye ngazi, nikamwambia: "Nilikukosea. Uliniambia jambo la mama kwa siri, nami nikalifanyia dhihaka mbele za watu. Samahani." Akanyamaza. Halafu akasema, "Nimekusikia. Ahsante." Akashuka ngazi mbili, akageuka: "Mtani, hii ni mara ya kwanza unaniambia kitu ambacho hakina Simba ndani yake."

Nililichukua lile kama msamaha, na lilikuwa msamaha. Sikusikia kwamba lilikuwa pia lawama.

Sasa nifike kwenye uongo wangu. Neno "natania tu" lina ukarimu ndani yake, na sitaki kulidharau. Watu wawili ambao hawajui wamesimama wapi wanahitaji mahali pa kusogeleana bila kuumbuana. Ukimwekea mtu maandazi mawili, akikupenda ataona maandazi na kitu kingine. Asipokupenda ataona maandazi tu, na kesho mtasalimiana bila haya. Hakuna aliyekataliwa kwa sababu hakuna aliyeomba. Kwetu, ambako mwanamke akitamka kwanza huambiwa amejirahisisha, mlango huo una thamani kubwa zaidi. Lakini mlango uleule unaokulinda wewe unamwacha mwenzako nje akikisia. Unampa kazi ya kufasiri kila kikombe, na akifasiri kwa usahihi unayo haki ya kumkana. Wiki moja, mwezi mmoja, ni adabu. Sijui inageuka lini kuwa wizi wa muda wa mtu, ila najua mimi nilikuwa nimeshapita hapo.

Utani wa wazee haukuwa hivyo. Babu yangu alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Mama mmoja wa Kichaga aliyeolewa kijijini kwetu alichukua fimbo na kofia ya marehemu, akatembea kama yeye, akikohoa kama yeye, akamdai bibi deni la pombe mbele ya jeneza. Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka. Wakati wa kuzika, watani wakakaa kwenye kaburi, wakagoma kutoka mpaka walipwe. Ila nakumbuka pia kwamba mama yuleyule ndiye aliyeamka alfajiri kuchota maji, na ndiye aliyebaki siku tatu baada ya ndugu wengine kuondoka. Haki yake ya kutucheka ilikuja na kazi. Mimi na Mtani tulikuwa tumechukua haki na kuacha kazi. Wakati mama yake anaumwa, nilimpelekea nini zaidi ya maneno?

Basi ikafika tarehe 8 Machi 2025, Jumamosi, Simba na Yanga. Tulikubaliana kutazama pamoja, kibandani, televisheni ipo, aliyefungwa analipa. Mechi haikuchezwa. Simba walikuwa wametangaza kwamba hawatacheza, baada ya kuzuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi usiku wa kuamkia mechi, na siku ileile Bodi ya Ligi ikaahirisha. Mji wote ulikuwa umevaa jezi bila sababu. Mimi na yeye tulikuwa tumeshafika.

Tukakaa. Yeye akaagiza kahawa, mimi chai. Tukalijadili lile sakata kwa dakika kumi, nani kakosea, nani ana hoja, mpaka maneno yakaisha. Halafu ukaingia ukimya ambao hatukuwahi kuwa nao. Miaka miwili, na tulikuwa hatujui kuongea bila mtu kufunga goli. Akacheka, akasema, "Sasa sisi tunaongea nini?"

Nikamwambia. Sikupanga. Nilimwambia kwamba tangu yale maandazi mawili, hata kabla yake, nilikuwa nampenda, na kwamba sikuwa natania.

Alizungusha kikombe chake mezani kwa muda. Kisha akaniuliza kama nakumbuka vikombe vitano. Nikamwambia nani asiyekumbuka. Akasema, "Kile kilikuwa cha kwako, Mtani. Mtu hapandi ngazi zile mara tatu kwa ajili ya mpira. Nilikaa nakungoja useme neno. Ukavinywa vyote, ukamrudishia mzee vikombe vyake, ukapita mezani kwangu ukaniambia tutakutana mzunguko wa pili."

Nilisema hivyo kweli. Niliona ni jibu zuri.

Alingoja mpaka katikati ya 2024, akasema. Baada ya ile keki alidhani amepata jibu lake, na baada ya kuomba radhi kwangu hakujua tena. Kisha akakutana na mtu mwingine, muuguzi, palepale mama yake alipokuwa anatibiwa. Nikamuuliza kwa nini yeye hakusema waziwazi. Akasema, "Kwa sababu ileile yako." Na hilo ni haki, sina la kuongeza. Tulikuwa wawili kwenye ule mchezo, na wote tulicheza kwa kujilinda. Lakini mimi ndiye niliyeuanza, na mimi ndiye niliyepewa nafasi ya wazi, vikombe vitano mfululizo, nikapiga nje.

Mechi ile ilichezwa hatimaye tarehe 25 Juni. Yanga 2–0. Asubuhi yake nikakuta vikombe viwili mezani. Nilivinywa, ila safari hii nilimpelekea na swali: mama anaendeleaje, na zamu ya kumpeleka kliniki Alhamisi ni ya nani. Alhamisi hiyo nilienda mimi.

Harusi ni Desemba, Moshi. Niko kwenye kamati, na mchango wangu nimeshaumaliza, jambo ambalo limetangazwa kikaoni kama muujiza kwa kuwa mtoaji ni Mpare. Wamenipa kitengo cha vinywaji. Bwana harusi alituma ujumbe maalumu kwamba wageni wote lazima wapate kahawa ya mlimani. Nimeagiza chai, ya tangawizi, lita mia mbili.